Ukuta wa Kale Unaobomoka: Namna ya Kuuimarisha Bila Kuujenga Upya

Maswali ni yale yale. Ukuta wa mawe umebaki nusu, mawe ya juu yanacheza, mizizi imeingia ndani, na pale mlangoni linta, yaani boriti inayobeba mawe juu ya uwazi, imeoza. Mtu anauliza: niongeze kozi mbili tatu za mawe juu ili upendeze? Nitumie saruji ili udumu? Mlango niurudishe kama ulivyokuwa?

Majibu kwa ufupi: usiongeze, usitie saruji, na mlango unategemea alama zilizobaki ukutani. Mwongozo huu unaeleza kwa nini, kisha unakupitisha kwenye kazi yenyewe hatua kwa hatua. Tutashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ukuta wa mawe yasiyochongwa yaliyojengwa kwa chokaa, urefu mita 6, kimo mita 3, unene sentimita 60, wenye uwazi mmoja wa mlango, na sehemu ya juu imelegea kwa kina cha sentimita 30 hivi.

## Kuimarisha ni kitu kimoja, kujenga upya ni kingine

Kuimarisha ni kuzuia kilichosimama kisianguke. Kujenga upya ni kurudisha kilichokwisha kupotea. Mpaka kati ya mambo haya mawili unavukwa kwa urahisi sana ukiwa juu ya jukwaa, mota iko tayari na mawe yamejaa chini. Ndiyo maana inafaa uamue kabla hujapanda.

Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani bado wanaufuata, una mambo matatu yanayotuhusu hapa. Ibara ya 9 inasema kazi ikome pale kubahatisha kunapoanzia. Ibara ya 12 inataka kilichowekwa badala ya kilichopotea kiendane na kizima lakini kiweze kutambulika kuwa si cha asili. Ibara ya 15, inayohusu maeneo yaliyochimbuliwa, inakataa ujenzi mpya na kuruhusu anastilosisi tu, yaani kurudisha vipande vya asili vilivyoanguka mahali vilipotoka.

Kazini yote hayo yanakuwa maswali matatu, unayoyauliza kwa kila jiwe unalotaka kuliweka:

- Nisipoliweka jiwe hili, je, kuna kilichosimama kitakachoanguka au kuingiza maji?
- Najua lilikaa wapi kwa ushahidi, kama kitako cha mota kinacholingana nalo, tundu la boriti au picha ya zamani, au ninakisia?
- Mtu akitaka kulitoa baadaye, ataweza bila kuvunja la asili lililo jirani yake?

Jibu la kwanza likiwa hapana, liache chini hata kama mengine mawili ni ndiyo. Uzuri wa ukuta hauingii katika hesabu hii.

Swali la tatu ndilo watu hulidharau, kwa hiyo tazama kilichotokea Parthenoni, hekalu la kale la Athene, Ugiriki. Wajenzi wa kale waliunganisha marumaru kwa vibanio vya chuma vilivyofunikwa kwa madini ya risasi, na risasi ile ilizuia kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos aliinua na kuunganisha vipande vingi kwa vyuma visivyofunikwa hivyo. Vikashika kutu, na kwa kuwa kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, vikapasua marumaru kutoka ndani. Kuanzia miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakivitoa na kuweka vya titani, kazi ya miaka mingi ambayo sehemu kubwa yake ni kurekebisha marekebisho. Kosa halikuwa nia mbaya. Alitumia kitu chenye nguvu kisichoweza kutolewa bila kuumiza.

Tuseme ukweli pia: si kila kazi inaweza kurudishwa nyuma asilimia mia. Nguzo ya mbao ya kuegemeza inaondoka jioni moja. Mota ya chokaa kwenye maungio inachokoleka kwa tindo. Lakini uji wa chokaa uliomiminwa ndani ya ukuta hautoki tena. Kwa hiyo panga kazi kwa ngazi: jaribu kwanza kinachoondoka kirahisi, na kile kisichotoka kiwe cha mwisho, kwa kiasi kidogo, na kisizuie mtu mwingine kufanya kazi tena baadaye.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Kibali kwanza. Magofu mengi yanalindwa na sheria, na hata kuondoa kifusi bila ruhusa kunaweza kuwa kosa. Ukuta ukiwa umeinama, umetuna au una kimo kinachozidi urefu wa mtu, mhandisi wa majengo anayefahamu mawe na chokaa aukague kabla hujaugusa.

Vifaa:

- Kamera, rula ya kupigia picha, kamba, tepu ya kupimia, timazi na pima maji
- Jukwaa linalosimama lenyewe bila kuchomekwa ukutani
- Mbao za kuegemeza, kabari za mbao ngumu, na magunia ya juti
- Tindo nyembamba, nyundo ndogo, brashi ngumu za nywele (si za waya), mwiko mwembamba wa maungio
- Ndoo za lita 20, pampu ya mkono ya kunyunyizia maji, mipira myembamba na faneli
- Chokaa, mchanga mkali uliooshwa wenye chembe kubwa na ndogo, na unga wa matofali ya kuchoma
- Kofia ngumu, glavu, barakoa na miwani inayoziba pembeni

Kuhusu chokaa: iwe chokaa ya ujenzi. Ile ya shambani mara nyingi ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haigandi hata ungoje mwaka. Chokaa ya unga ya mfukoni inafaa ikiwa mpya. Iloweke ndani ya maji angalau siku nzima hadi iwe rojo zito. Mfuko uliokaa wazi miezi mingi umekwisha kuzeeka. Na ukizima chokaa mwenyewe, yaani kuilainisha kwa maji ile iliyotoka tanuruni, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana inachemka na kuruka usoni. Maji safi ya kuoshea macho yawe pale pale.

## Hatua kwa hatua

1. Weka kumbukumbu, usifagie

Piga picha kila uso wa ukuta ukiwa umesimama mbele yake moja kwa moja, rula ikionekana. Funga kamba za mraba wa mita moja ukutani, kisha chora kila jiwe la juu na la pembeni mwa mlango. Mawe yaliyoanguka chini yachorwe pale yalipolala kabla ya kuhamishwa. Jiwe lililolala mita moja kutoka ukutani, uso wake ukiangalia chini, linakueleza lilianguka vipi na karibu na wapi. Ukilikusanya kwenye lundo umelifuta.

Hapa ndipo lile kosa la kwanza hutokea. Mtu anataka kusafisha, anaondoa kifusi chote kilichorundikana mguuni mwa ukuta. Kifusi kile mara nyingi ndicho kinachousukuma ukuta usiteleze, na chini yake kuna tabaka ambazo ni kazi ya mwanaakiolojia. Kiache. Ondoa kile tu kinachozuia jukwaa kusimama, na kwa ruhusa.

2. Usome ukuta

Angusha timazi kutoka juu kila mita moja na uandike umbali wa uzi kutoka ukutani kwa kila nusu mita ya kimo. Nambari hizo zitakuonyesha kama ukuta umeinama wote au umetuna katikati. Ukuta wa unene wa sentimita 60 ulioinama sawasawa hufikia mpaka wa hatari kinadharia pale sehemu ya juu inapotoka nje sentimita 20, kwa sababu hapo mzigo unatoka katika theluthi ya kati ya unene na upande wa nyuma unaanza kufunguka. Lakini ukuta wa kale wa mawe si tofali moja zima. Ukiona sentimita 10, simamisha kazi na mwite mhandisi.

Kisha gonga uso wa ukuta taratibu kwa kishikio cha nyundo. Sauti ngumu na fupi inamaanisha mawe yameshikana. Sauti ya debe tupu inamaanisha uso wa nje umeachana na moyo wa ukuta. Zungushia chaki kila sehemu inayolia hivyo.

Kwenye kila ufa weka vijipini vitatu kwa umbo la pembetatu ndani ya maungio, si ndani ya jiwe: viwili upande mmoja, kimoja upande wa pili. Pima umbali kati yao kila mwezi. Ufa unaofunguka wakati wa jua na kufunga wakati wa mvua unapumua tu na majira. Ufa unaoongezeka kila kipimo bila kurudi una sababu inayoendelea, kwa kawaida msingi unaozama au maji. Tofauti hiyo haionekani chini ya mwaka mmoja, na ndiyo sababu ya kuanza vipimo mapema.

3. Egemeza

Mbao za kuegemeza zisimame kwa nyuzi 60 hadi 70 kutoka ardhini, zikiishia kwenye ubao mpana ulalao ukutani juu ya gunia lililokunjwa. Chini ziegemee ubao mwingine, zikazwe kwa kabari kwa mkono au kwa kugonga kidogo tu. Ukipiga kabari kama unapasua kuni utausukuma ukuta upande wa pili. Hakuna msumari wala boliti kuingia kwenye mawe.

Ndani ya uwazi wa mlango weka fremu ya mbao: nguzo mbili na boriti juu, kabari chini. Isiguswe hadi hatua ya 6 iishe.

4. Mimea

Usivute. Mzizi uliopita katikati ya mawe ukivutwa unatoka na mawe yake. Kata shina karibu na ukuta, liache likauke, uangalie tena baada ya miezi michache na ukate machipukizi. Mtambaazi ukatwe chini tu. Majani yakishakauka yanabanduka yenyewe. Mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono ulioingia moyoni mwa ukuta unahitaji kufunguliwa jiwe moja moja, kila jiwe likiwa na namba. Kazi hiyo ingoje hatua ya 8, kama mzizi uko sehemu ya juu.

5. Andaa mota

Mota mpya sharti iwe dhaifu kuliko jiwe na ipitishe unyevu. Hii ndiyo sababu ya kukataa saruji. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yaliyomo ukutani hayawezi kutokea kwenye maungio, yanatokea kwenye jiwe, na chumvi zake zinaganda huko na kulimega. Baada ya miaka utaona wavu wa saruji umebaki umetokeza, na mawe yamebonyea ndani yake.

Kipimo cha kawaida ni rojo la chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Lakini mchanga wako ndio unaosema. Jaza chombo cha lita moja mchanga mkavu, ugonge kidogo utulie, kisha mimina maji yaliyopimwa hadi yafike usawa wa juu. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi kati ya chembe, na chokaa inapaswa kuijaza nafasi hiyo. Yakiingia mililita 330, kipimo ni 1 kwa 3. Yakiingia 400, ni 1 kwa 2.5.

Kwa mfano wetu: sehemu ya juu ni mita 6 × 0.6 × 0.3, yaani mita 1.08 za ujazo. Katika ukuta wa mawe yasiyochongwa mota huchukua kama theluthi, hivyo lita 360. Kwa kuwa chokaa inaingia ndani ya nafasi za mchanga, ujazo wa mota unakaribia ule wa mchanga: ndoo 18 za mchanga na ndoo 6 za rojo. Ongeza robo kwa hasara. Maungio ya pande mbili yahesabu baadaye, kwa yale yaliyo wazi tu.

Changanya kwa kuponda na kukandika, si kwa kuongeza maji. Mota nzuri inang'ang'ania mwiko ulioupindua. Ikiteleza ina maji mengi na itapasuka.

Tengeneza vipande vya majaribio vitatu vinne vyenye mchanga tofauti, viache wiki mbili, kisha ulinganishe rangi na ile mota ya zamani iliyovunjika leo, si uso wake uliofifia.

6. Linta ya mlango

Hapa ndipo kuimarisha na kujenga upya vinapokutana, kwa hiyo tukae kidogo.

Mlango wa mfano wetu una upana wa mita 1.2. Ulikuwa na boriti tatu za mbao zilizolala sambamba, kila moja upana wa sentimita 20, zikijaza unene wote wa ukuta. Ya mbele imeoza, ya kati imelegea, ya nyuma bado ngumu. Juu yake kuna mawe yanayoning'inia.

Uliza yale maswali. Bila linta, mawe ya juu yataanguka: ndiyo. Ushahidi upo: matundu mawili pembeni yanaonyesha kimo, kina na unene wa boriti, na ya nyuma ipo kama mfano. Inaweza kutolewa: ndiyo, ni mbao iliyokaa ndani ya tundu lake. Basi linta inarudishwa. Lakini ukuta uliopotea juu yake, hata ukiwa na mawe yake chini, haurudi, maana hakuna kinachoutegemea.

Kumbuka jambo moja la kimzigo. Ukuta mzima hujitengenezea tao lake, na linta hubeba pembetatu ndogo tu ya mawe iliyo juu yake. Katika gofu lililokatika karibu na mlango tao hilo halipo, kwa sababu halina pa kuegemea upande mmoja. Linta inabeba kila kitu. Usipunguze unene wake kwa kudhani mzigo ni mdogo.

Badilisha boriti moja tu kwa wakati mmoja. Anza na ya mbele, huku fremu ya hatua ya 3 ikishikilia ya kati na ya nyuma, na ubao wa ziada ukibana mawe ya mbele. Toa iliyooza kwa vipande. Ingiza mpya ya mbao ngumu iliyokauka vizuri, ikae ndani ya kila tundu angalau sentimita 15, na ncha zake ziachiwe nafasi ndogo ya hewa, maana ncha iliyofunikwa na mota yenye unyevu ndiyo huoza kwanza. Jaza juu yake kwa vipande vya mawe bapa na mota nzito, ukigonga hadi visicheze. Ngoja wiki mbili. Kisha ya kati. Ya nyuma ngumu iachwe. Kuibadilisha ili zote zifanane ni kupoteza kitu cha asili bure.

Chonga mwaka kwenye upande wa boriti mpya usioonekana kwa mbali. Uso wake uwe ndani sentimita moja kuliko wa zamani. Mpita njia hataona, mchunguzi ataona.

7. Maungio, kisha moyo wa ukuta

Chokoa maungio yaliyo wazi au yenye mota iliyogeuka unga tu. Mota ya zamani inayokataa kutoka kwa tindo nyepesi ibaki. Kina kiwe mara mbili ya upana wa ungio, si chini ya milimita 25. Mashine ya kukata ya diski isifike hapa, inakata kona za mawe na alama hazifutiki.

Ondoa vumbi, lowesha hadi mawe yawe na unyevu lakini maji yasichuruzike, kisha shindilia mota kwa tabaka za sentimita 2 hivi. Pengo pana lijazwe kwa vijiwe, si kwa mota tupu. Mota ikifika hali ya kubonyea kwa kidole bila kushika kidole, igonge kwa ncha za brashi ngumu. Hilo linafunga nyufa ndogo na kufungua vinyweleo vya uso. Mota ibaki nyuma kidogo ya uso wa jiwe. Ukiipaka juu ya kingo za mawe, ungio la sentimita 2 litaonekana la sentimita 5.

Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku 7 au zaidi, yasiguse mota, ukiyanyunyizia asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa hewa pamoja na unyevu. Ikikauka siku ya kwanza imekauka tu, haijaganda. Usifanye kazi hii halijoto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au linapokaribia kuganda usiku.

Sasa zile sehemu zilizolia kama debe. Ndani ya ukuta hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo chokaa ya kawaida haitakomaa huko. Tumia ile inayoganda hata ndani ya maji, au ongeza unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa. Kianzio kizuri ni chokaa hiyo 1 kwa mchanga laini sana 1, na maji hadi itiririke kwenye mpira bila kutengana. Jaribu kwanza kwenye ndoo yenye kokoto kavu.

Chomeka mipira kupitia maungio kuanzia chini. Pitisha maji kwanza: yanasafisha njia na yanakuonyesha uji utatokea wapi, na hapo uzibe kwa udongo wa mfinyanzi. Mimina kwa faneli, kwa uzito wake wenyewe, bila pampu ya shinikizo. Usipandishe zaidi ya sentimita 50 za kimo kwa siku. Uji mbichi unasukuma nyuso zote mbili za ukuta kwa nje, na ukuta uliotuna unaweza kupasuka mbele ya macho yako. Andika lita zilizoingia kila tundu. Tundu linalomeza ndoo baada ya ndoo linavuja mahali, simama utafute.

8. Kofia ya ukuta

Maji yanayoliua gofu huingia kwa juu, kwa hiyo hapa ndipo uangalifu wako mkubwa uende. Piga namba kwa chaki kwenye mawe yaliyolegea ya sentimita 30 zile, yapige picha, yainue mita moja moja ya urefu, yapange chini kwa mpangilio ule ule. Ondoa udongo na mizizi hadi ufikie mawe yasiyocheza. Lowesha, kisha uyarudishe mawe yale yale na mota, marefu yakilala kukatisha unene wa ukuta.

Fuata umbo lilivyovunjika. Palipo na meno pabaki meno. Kusawazisha kwa kamba kunageuza gofu kuwa ukuta wa uzio, na pia kunahitaji mawe mapya ambayo swali la kwanza lingeyakataa. Ila ndani ya kila jino pasibaki bakuli. Kwa unene wa sentimita 60 katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 3 hivi, na mota ya juu ifike usawa wa jiwe. Mimina jagi la maji na utazame: yakitulia mahali, pajaze.

Ukilazimika kujaza shimo kwa mawe yasiyotoka hapo, tandika kwanza ukanda wa geotekstaili, yaani kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, juu ya mawe ya asili, kisha ujenge juu yake. Atakayekuja kuyatoa atajua hasa pa kukomea.

Kwa maeneo yasiyo na ukame mrefu kuna njia laini zaidi: udongo wenye mfinyanzi kidogo, kina cha sentimita 8 hadi 10, ukiwa na majani ya mizizi mifupi yaliyong'olewa na pande lake. Unanyonya mvua, unapunguza joto kali la mchana na baridi ya usiku juu ya mawe, na ukiuchoka unautoa kwa koleo. Mahali ambapo majani yatakauka miezi mingi haufai, kwa sababu udongo utapeperuka na miti itaota mahali pake.

9. Ondoa egemeo, andika, rudi

Legeza kabari kidogo kila siku kwa wiki nzima ukisoma vijipini na timazi. Chora mchoro wa mwisho wenye rangi tatu: kisichoguswa, kilichoinuliwa na kurudishwa, kilichoongezwa. Andika vipimo vya mota na mchanga ulikotoka. Kagua baada ya mvua kubwa ya kwanza, kisha kila mwaka.

## Mambo yakienda mrama

Nyufa nyembamba kwenye mota siku ya pili. Maji mengi, mchanga laini mno, au jua. Kama bado inabonyea, igonge tena kwa brashi na uifunike. Ikiwa imekauka, ichokoe, uanze upya na mchanga wenye chembe kubwa zaidi.

Mota inakuwa unga ukiipangusa baada ya mwezi. Ilikauka kabla ya kukomaa au chokaa ilikuwa imezeeka. Kuirushia maji sasa hakuisaidii sana. Itoe.

Weupe unaochanua kwenye mawe. Ni chumvi. Usiuoshe, maji yanairudisha ndani. Upanguse kwa brashi kavu, uuzoe chini, kisha utafute maji yanaingia wapi. Mara nyingi kuna bakuli lililosahaulika kwenye kofia.

Michirizi myeupe chini ya ungio jipya. Mvua ilipiga kabla mota haijashika. Haina madhara kwa ukuta, ila itakaa muda.

Vijipini vinaonyesha ufa unaendelea kufunguka. Usijaze tena. Rudisha egemeo na ukague msingi na mifereji ya maji iliyo karibu pamoja na mhandisi.

Ukuta ulikwisha kutiwa saruji na mtu mwingine. Usiivamie yote. Chagua sehemu ndogo iliyojificha, gonga kwa tindo. Ikibanduka na kuacha kingo za mawe salama, endelea kidogo kidogo na ujaze kwa chokaa. Ikitoka na ngozi ya jiwe, iache mahali pake, kagua mawe yanayoizunguka kila mwaka, na utoe tu vile vipande vinavyojilegeza vyenyewe.